Mwenyekiti Asubiri Chini

Chukua rasimu hii ya kubuni, ingawa mhariri yeyote wa habari za mikoani atasema ameisoma wiki iliyopita. Baraza la madiwani limekutana. Aya ya kwanza inaeleza kuwa mwenyekiti wa halmashauri aliongoza kikao cha kawaida jana saa 4 asubuhi. Ya pili inasema kikao kilifunguliwa kwa sala na kumbukumbu za kikao kilichopita zikathibitishwa. Ya tatu, mwenyekiti akawataka madiwani wadumishe mshikamano. Inafika aya ya sita ndipo ofisa afya anasimama na kusema vipimo vya idara yake vimekuta bakteria wa kinyesi katika visima vitatu, na watu 27 wametibiwa kuhara. Katika aya ya nane baraza linaazimia visima vifungwe kuanzia Jumatatu. Mwisho kabisa, baada ya neno la shukrani, tunaambiwa magari ya maji yatapita vijijini asubuhi na jioni.

Hakuna uongo hapo. Mwandishi amefuata saa ya ukutani tu, kama katibu wa kikao. Lakini anayechota maji kwenye kisima kimojawapo atakuwa ameshaacha kusoma kabla hajajua kwamba habari inamhusu.

Dawa yake waandishi huiita piramidi iliyopinduliwa: lililo zito hukaa juu, na uzito hupungua kadiri unavyoshuka. Mtindo huu ulikomaa Marekani katika karne ya 19, enzi za simu ya maandishi. Rais Abraham Lincoln alipopigwa risasi ukumbi wa michezo Aprili 14, 1865, Lawrence Gobright wa shirika la Associated Press alituma kwanza ujumbe mfupi kwamba rais amepigwa risasi na huenda hataishi. Maelezo yalifuata baadaye. Wahariri nao waliupenda mtindo huu kwa sababu nafasi ilipobana gazetini, walikata kuanzia chini bila kuiharibu habari.

Turudi kwenye rasimu yetu. Kabla ya kuhamisha chochote, jiulize: nikimpigia jirani simu nikiwa na sentensi moja tu, nitamwambia nini? Hutamtajia mwenyekiti. Aya ya kwanza basi iwe: “Visima vitatu vinavyotumiwa na wakazi wa vijiji viwili vitafungwa kuanzia Jumatatu, baada ya vipimo vya idara ya afya kukuta bakteria wa kinyesi katika maji yake.” Wengi hupenda kujaza humo majibu ya nani, nini, lini, wapi, kwa nini na vipi kwa mkupuo mmoja, hadi msomaji aishiwe pumzi. Chagua mawili matatu yanayobeba habari. Mengine yana aya ya pili.

Aya ya pili ni ya magari ya maji na saa zake, kwa kuwa ndilo swali la kwanza la mwenye ndoo. Ya tatu, wagonjwa 27. Baada yao aje ofisa afya kwa maneno yake mwenyewe, kisha azimio la baraza. Wito wa mshikamano ukae chini, ukikatwa usilie mtu. Sala na kumbukumbu futa.

Kazi haijaisha, kwani aya zilizohamishwa huja na mizizi ya zilikotoka. Tafuta kila “huyo”, “hivyo” na “hali hiyo”. “Ofisa huyo” sasa huenda ametangulia kabla hajatambulishwa, na “hali hiyo” haina tena hali inayoirejelea. Tafuta pia vitenzi vya “-ka-”. “Baraza likaazimia” ilikaa vizuri ilipofuata hotuba. Ikipanda juu inaning’inia, kwa hiyo andika “baraza limeazimia” au “liliazimia”. Rasimu nyingi zilizopangwa upya hujulikana kwa makovu haya.

Kisha funika aya ya mwisho kwa kiganja na usome. Ikieleweka, funika inayofuata. Ukikuta jambo ambalo msomaji hawezi kulikosa, lipandishe.

Kipimo hicho kina hatari moja. Tuseme diwani amedai mkandarasi alichimba visima karibu mno na vyoo, naye mkandarasi amekana. Dai linavutia, litapanda. Kanusho likiachwa chini, mhariri wa zamu atalikata saa 3 usiku bila nia mbaya, na gazeti litatoka na upande mmoja. Dai likipanda, lipande na jina la aliyelitoa, na jibu la mtuhumiwa lifuate papo hapo. Asipopatikana, sema kwamba hakupatikana, katika aya ileile.