Foleni ya Duara: Nafasi Nne, Hali Tano

Foleni ya duara ni njia ya kupanga vitu kwa zamu ndani ya safu ambayo ukubwa wake haubadiliki. Anayetangulia kuingia ndiye anayetangulia kutoka, na nafasi ya mwisho ya safu ikishajaa, kitu kinachofuata huwekwa katika nafasi ya mwanzo, mradi iko wazi. Hakuna kinachosogezwa, kwa hiyo kuingiza na kutoa huchukua muda uleule hata safu iwe kubwa kiasi gani. Ndiyo sababu foleni hii hutumika sana kwenye vifaa vyenye kumbukumbu ndogo, hasa kupokea data inayofika kabla programu haijawa tayari kuisoma.

Ugumu wake wote umo katika swali moja: imejaa, au ni tupu? Tuseme safu ina nafasi nne, namba 0 hadi 3. Programu nyingi huweka alama mbili: kichwa, yaani mahali pa kutolea, na mkia, yaani mahali pa kuingizia. Foleni ikiwa tupu, alama hizo ziko mahali pamoja. Vikiingia vitu vinne, mkia huzunguka na kurudi palepale kilipo kichwa. Si uzembe wa mwandishi wa programu. Umbali kati ya alama mbili una thamani nne tu, 0 hadi 3, ilhali idadi ya vitu ina thamani tano, 0 hadi 4. Hali tano haziwezi kuelezwa kwa thamani nne.

Baadhi ya waandishi huamua kuacha nafasi moja wazi daima. Maktaba ya Arduino inayopokea data kwenye bodi ya Uno hufanya hivyo: safu yake ina nafasi 64, lakini hushika baiti 63. Njia nyingine, iliyo wazi zaidi kwa msomaji, ni kuhifadhi kichwa pamoja na idadi ya vitu. Mkia hauhifadhiwi kabisa. Hupatikana kwa hesabu ya baki kila unapohitajika.

```c
if (idadi == N) return 0;
safu[(kichwa + idadi) % N] = x;
idadi = idadi + 1;
return 1;
```

Kutoa hufuata mkondo huohuo: idadi ikiwa 0, ombi hukataliwa, la sivyo husomwa kilicho kwenye kichwa, kichwa husogea hatua moja kwa kuzunguka, na idadi hupungua kwa moja.

Hata hivyo, kosa la kuzidisha au kupunguza moja bado lina mlango. Tuseme mwandishi ameandika `idadi > N` badala ya `idadi == N`. Waingie A, B, C na D, kisha watoke A na B. Kichwa sasa ni 2, idadi ni 2. E huenda nafasi ya 0, F nafasi ya 1, na foleni imejaa kihalali. Anapokuja G, idadi ni 4, na 4 si zaidi ya 4, kwa hiyo anaruhusiwa. Hesabu ya 2 + 4, baki kwa 4, inatoa 2: G anaandikwa juu ya C, na idadi inakuwa 5. Wakati wa kutoa, badala ya C, D, E, F hupatikana G, D, E, F, G. Huo ndio utambulisho wa kosa hili: aliyeingia mwisho anatoka wa kwanza, anatoka tena mwishoni, na mmoja amepotea bila taarifa.

Kosa la upande wa pili, `idadi == N - 1`, mara nyingi hunakiliwa kutoka kwenye njia ya kuacha nafasi wazi. Haliharibu data iliyomo, na kwa sababu hiyo laweza kuishi muda mrefu bila kugunduliwa. Foleni hukataa tu mapema kuliko inavyopaswa.

Upande wa utupu, hatari ni sharti la `idadi < 0`. Idadi ikihifadhiwa katika baiti isiyo na alama ya hasi, sharti hilo halitimii kamwe. Kutoa kwenye foleni tupu hurudisha thamani kuukuu, na idadi huruka kutoka 0 hadi 255. Kitu kinachoingizwa baadaye huandikwa nyuma ya kichwa, idadi inarudi 0, na foleni inadai ni tupu ilhali imepokea sasa hivi.

Jaribio linaloanza kila mara kichwa kikiwa 0 halitoshi, maana halifiki penye mzunguko. Kwa safu ya nafasi nne kuna vichwa vinne na idadi tano, jumla hali 20, na zote zinaweza kujaribiwa: katika kila hali aingizwe mmoja, kisha watolewe wote na mpangilio ulinganishwe. Foleni iliyojaa lazima ikatae na kubaki kama ilivyokuwa. Foleni tupu vivyo hivyo.

Idadi ina gharama yake pia. Mwingizaji na mtoaji wote wawili huibadilisha, tofauti na alama mbili ambazo kila mmoja husogeza ya kwake. Data ikiingizwa na kikatizi wakati programu kuu imeshasoma idadi lakini haijaandika thamani mpya, badiliko moja hupotea, na hesabu hukosea kwa moja ingawa kila sharti limeandikwa sawasawa. Hapo inabidi vikatizi vizuiwe kwa muda ule mfupi ambao programu kuu inabadilisha idadi.