Sikoseli ilikuwa wapi miezi yote hiyo?

Mama mmoja mtaani kwetu alipata mtoto mwenye afya. Akanyonya vizuri, akanenepa. Alipofika miezi minane viganja na nyayo zikavimba, akawa analia usiku kucha. Wapo waliotaja kijicho. Hospitali ikasema ni sikoseli, maradhi ya kurithi. "Kama alizaliwa nayo," mama akaniuliza, "ilikuwa wapi miezi yote hiyo?"

Swali zuri, na jibu lake laanzia tumboni. Damu ya kwanza haitoki mifupani, kwani mifupa yenyewe bado haipo. Wiki ya tatu ya mimba hutengenezwa kwenye kifuko cha kiini, kijifuko kilichoshikana na kiumbe. Kuanzia wiki ya sita hivi ini hupokea kazi hiyo na kuifanya kwa miezi mingi. Uboho wa mifupa huanza polepole katikati ya mimba, na mtoto akizaliwa umeshashika usukani.

Himoglobini, ile inayobeba oksijeni ndani ya damu, nayo hubadilika. Ina minyororo minne: miwili ni alfa, na miwili mingine, mtoto akiwa tumboni, huwa ni gama. Gama huifanya ishike oksijeni kwa nguvu kuliko himoglobini ya mama, ndipo mtoto akaweza kuivuta kupitia kondo la nyuma. Karibu na kuzaliwa, gama huanza kupungua na beta kuongezeka. Usidhani ni kule kuhama kutoka ini kwenda ubohoni ndiko kunakoleta mageuzi haya. Mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake hageuki mapema kwa sababu ametoka. Saa yake yahesabu tangu mimba ilipotungwa.

Sasa, kasoro ya sikoseli iko kwenye beta. Gama ni nzima. Mtoto mchanga, ambaye zaidi ya nusu ya himoglobini yake ni ile ya tumboni, huwa amekingwa: gama huzuia himoglobini mbovu isishikane na kuzikunja chembe za damu kama mundu. Daktari Janet Watson wa New York aliligundua hilo mwaka 1948 alipoona damu ya wachanga hawa haijikunji sana. Kinga hiyo huisha taratibu, na kuanzia miezi sita hivi maumivu huweza kujitokeza.

Hata vipimo hudanganyika. Mama yule alishampima mwanawe akiwa na miezi miwili, kwa kile kipimo cha kuchanganya damu na dawa na kutazama kama maji yatakuwa na ukungu. Hayakuwa nao, akaambiwa yuko salama. Katika umri huo himoglobini mbovu huwa ni kidogo mno kuleta ukungu. Kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini kwa umeme kingeiona tangu siku ya kuzaliwa.

Leo mtoto anatumia haidroksiyurea kila siku. Kazi yake kubwa ni kuurudisha ubohoni utengenezaji wa gama.