Barua ya Julai kwa mzazi wa kidato cha pili

Matokeo ya upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili nchini Tanzania hutoka Januari. Mzazi anayejua siku hiyo kwamba mwanawe atarudia darasa hana tena la kufanya ila kununua madaftari mapya. Barua yenye faida ni ile inayoandikwa Julai, shule zikifunguliwa kwa muhula wa pili, matokeo ya mtihani wa nusu mwaka yakiwa mezani na upimaji wenyewe ukiwa bado miezi kadhaa mbele.

Kabla ya kushika kalamu, mwalimu wa darasa hukaa na alama za mwanafunzi. Kwa viwango vya Baraza la Mitihani, alama 30 hadi 44 ni D, na 45 hadi 64 ni C. Anayepata D mbili au C moja huvuka. Tuchukue mfano wa msichana aliyepata 41 katika Kiswahili, 29 katika Jiografia, 26 katika Baiolojia, na chini ya 25 katika masomo mengine yote. Ana D moja tu. Alama moja zaidi ya Jiografia ingemvusha, hata nne za Kiswahili zingetosha. Mzazi akiambiwa tu kwamba binti yake “amefeli masomo manane” atakata tamaa mapema, na wala hatajua kwamba mstari uko karibu hivyo.

Lakini alama hazisemi kwa nini. Hapo mwalimu hufungua daftari la mahudhurio. Binti huyu amekosa siku 14 muhula mzima, na 11 kati ya hizo ni Jumatano, siku ya gulio. Kisha mwalimu wa Baiolojia humwita na kumuuliza maswali yaleyale ya mtihani kwa Kiswahili, kwa mdomo. Akijibu vizuri yale aliyoyaacha wazi kwenye karatasi, tatizo si Baiolojia. Amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na sasa maswali ya masomo mengi yanamjia kwa Kiingereza. Mtoto wa namna hii akiongezewa tu mazoezi ya Baiolojia, ataendelea kuacha nafasi wazi.

Sasa barua inaweza kuandikwa, fupi, upande mmoja wa karatasi:

“Ndugu mzazi/mlezi,

YAH: MAENDELEO YA BINTI YAKO DARASANI

Salamu. Nakuandikia mapema ili tushirikiane. Katika mtihani wa nusu mwaka binti yako amefaulu somo moja, Kiswahili. Katika Jiografia amepungukiwa alama moja tu. Akibaki hapo mpaka upimaji wa kitaifa, huenda akarudia kidato cha pili.

Tumeona mambo mawili. Anaelewa mengi lakini maswali ya Kiingereza yanampa shida. Pia amekosa siku 14, nyingi zikiwa Jumatano.

Kuanzia wiki ijayo atabaki shuleni Jumanne na Alhamisi hadi saa 10 jioni kwa vipindi vya kusoma maswali na kuandika majibu kwa Kiingereza. Havina malipo. Tunaomba utusaidie Jumatano awe darasani. Kama kuna sababu inayomzuia, tungependa kuisikia kutoka kwako. Karibu shuleni Ijumaa saa 3 asubuhi, au utupigie siku inayokufaa.

Mwalimu wa darasa”

Tazama lile la Jumatano. Mwalimu hajaandika kwamba mama anamtumikisha mtoto sokoni, ingawa huenda amekwisha kulifikiri. Ametaja siku, akaacha mlango wazi. Labda binti hulea mdogo wake mama akiwa gulioni. Hilo lina dawa tofauti kabisa na la kuuza nyanya. Mzazi aliyeshutumiwa kwa maandishi haji Ijumaa.

Barua kama hii ikipewa mtoto aipeleke, mara nyingi huishia ndani ya begi. Afadhali mwalimu apige simu kwanza, kisha barua iwe na kipande cha chini cha kukata, mzazi asaini na kukirudisha. Kwa mzazi asiyesoma, simu ndiyo barua yenyewe, na nakala hubaki kwenye faili la mwanafunzi.

Kuna kishawishi kimoja ambacho mimi nisingekikubali. Shule inaweza kumkazania Kiswahili peke yake apate zile alama nne, avuke. Atavuka kweli, aingie kidato cha tatu asiweze kusoma swali la Fizikia. Vipindi vya Jumanne na Alhamisi vinachukua njia ndefu zaidi, ndiyo maana inabidi mwishoni mwa Agosti apewe jaribio lingine. Kama bado anaacha nafasi wazi, mwalimu huandika barua ya pili, na safari hii mkuu wa shule huketi na mzazi wazungumzie kurudia darasa kama jambo linaloweza kutokea: nani atamlipia sare na chakula mwaka huo mmoja zaidi, na binti mwenyewe anasemaje.