Je, sheria iliyonukuliwa kitabuni bado inatumika?

Mke wa Mwala ambaye mumewe anataka kuuza shamba anaweza kufungua kitabu cha sheria ya ardhi kilichochapishwa mwaka 2013 na kusoma kwamba haki zake katika mali ya ndoa zinalifunga shamba hilo hata kama hazijaandikwa kwenye sajili. Kitabu kitataja kifungu cha 28(a) cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012. Kilipochapishwa, nukuu hiyo ilikuwa sahihi. Mwaka 2016 Bunge lilikifuta kipengele hicho.

Ili kuhakikisha, fungua tovuti ya kenyalaw.org, ambako sheria za Kenya husomwa bila malipo. Tafuta sheria kwa jina lake, si kwa nambari ya Sura, maana nambari huweza kupotosha. Vitabu vya zamani vinaposema Sura ya 300 humaanisha Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa, ambayo ilifutwa mwaka 2012. Baada ya sheria kupangwa upya, nambari hiyo hiyo ya 300 sasa ni ya Sheria ya Usajili wa Ardhi. Nambari ni moja, sheria ni mbili, na vifungu vyake havilingani.

Ukishaipata sheria, angalia kwanza tarehe ya toleo unalosoma, kisha nenda moja kwa moja kwenye kifungu chenyewe. Palipofutwa huandikwa "deleted by", pamoja na nambari na mwaka wa sheria iliyofuta. Katika kifungu cha 28(a) ni Sheria Nambari 28 ya 2016. Ifungue hiyo pia uone ilianza kutumika lini, kwa kuwa mauzo yaliyofanywa kabla ya mabadiliko huenda yakapimwa kwa sheria ya wakati huo.

Kufutwa kwa kipengele hakumaanishi kwamba mke huyo ameachwa bila kinga. Kifungu cha 12 cha Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 kinasema kuwa, katika ndoa ya mke mmoja, mali ya ndoa haiwezi kuuzwa, kutolewa zawadi, kukodishwa wala kuwekwa rehani bila idhini ya wote wawili. Anayesimama mbele ya mahakama ataje kifungu hiki, si kile kilichofutwa.

Tovuti haimalizi kila kitu. Mahakama inaweza kukibatilisha kifungu huku maneno yake yakibaki yamechapishwa vile vile. Mwaka 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ilisema kwamba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila kosa la mauaji ni kinyume cha Katiba, ingawa kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu kilisema hivyo. Kwa hiyo tafuta pia hukumu zinazotaja kifungu chako katika tovuti hiyo hiyo, ukianza na za karibuni, na kabla ya kutia sahihi mkataba wowote wa shamba umwonyeshe wakili ulichokipata.