Je, Wajua? Kiyoyozi chaweza kuuletea ukuta kuvu

Msimu wa masika Mombasa, hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 huanza kutoa maji ikigusa kitu chenye nyuzi 25 hivi. Sasa fikiria chumba ambacho kiyoyozi kimelala kikivuma kwa nyuzi 20. Asubuhi unakizima, unafungua dirisha, na ile hewa ya nje inakuta ukuta bado wa baridi. Ukuta unatoka jasho kama chupa ya soda. Vuta kabati kutoka ukutani uone: madoa meusi yameanzia nyuma yake, mahali hewa haipiti.

Kiyoyozi hukausha hewa, ndiyo, lakini pale tu kompresa inapofanya kazi. Kikiwa kikubwa kuliko chumba, hupoza upesi na kuzima kabla hakijavuta maji ya kutosha. Unabaki na ubaridi wa kunata. Alama ya DRY kwenye rimoti husaidia kiasi.

Mashine ya kukausha hewa hufanya kinyume: huvuta maji hadi kwenye ndoo yake, lakini hukipasha chumba joto. Kulala nayo ni adhabu. Iwashe mchana, madirisha yamefungwa, la sivyo utakuwa unaikausha Bahari ya Hindi. Kipima unyevu kikisoma chini ya 60, kuvu hupata shida kuota. Kabati nalo lisogeze, liache ukuta kwa upana wa kiganja.