Mzigo Umefika, Mteja Akana

Muuzaji anayepokea malipo ya kadi kutoka nje ya nchi anaweza kufungua baruapepe asubuhi akakuta fedha za oda ya miezi miwili iliyopita zimeshakatwa kwenye akaunti yake, pamoja na ada juu yake. Sababu iliyoandikwa ni fupi: mnunuzi ameiambia benki yake kwamba mzigo haukumfikia. Muuzaji anafungua simu, na humo kwenye WhatsApp anamkuta mnunuzi yuleyule akizungumzia mzigo huo siku moja baada ya kuupokea.

Huu ni wizi, hata kama aliyeufanya ni mteja aliyelipa kwa kadi yake mwenyewe na kwa jina lake mwenyewe. Muuzaji mdogo ndiye anayeumia zaidi, kwani bidhaa imekwenda, gharama ya kuituma imekwenda, na sasa malipo nayo yamerudi yalikotoka. Kinachosikitisha ni kwamba wengi hushindwa shauri la aina hii wakiwa na ushahidi wote mkononi. Wanajibu kwa hasira, wanatuma lundo la picha, na swali waliloulizwa linabaki bila jibu.

Swali hilo ni jembamba kuliko watu wanavyodhani. Anayesoma utetezi wa muuzaji ni mfanyakazi wa benki iliyotoa kadi, na hakai pale kuamua nani mwongo. Kila dai hupewa namba ya sababu. Kwa kadi za Visa, dai la kutopokea bidhaa ni 13.1. Kwa Mastercard linaingia chini ya 4853, namba inayobeba malalamiko kadhaa ya wanunuzi, kwa hiyo lazima usome na maelezo yanayoifuata. Sababu ikiwa ni hiyo ya kutopokea, benki inataka kujua jambo moja tu: je, bidhaa zilifika mahali palipokubaliwa, mikononi mwa mwenye kadi au mtu aliyemruhusu kupokea? Karatasi isiyosaidia kujibu hilo ni mzigo kwa msomaji.

Tuchukue mfano. Muuzaji wa Nairobi anauza vyondo kwenye tovuti yake. Tarehe 3 Aprili mteja wa Minneapolis, Marekani, anaagiza vyondo vitatu kwa dola 186, usafirishaji ukiwemo. Mzigo unatoka tarehe 5 na unafikishwa tarehe 11. Tarehe 12 mteja anaandika kwenye WhatsApp kwamba vyondo viwili vimempendeza, ila mkanda wa kile kikubwa ni mweusi zaidi kuliko alivyouona pichani, na anaomba apunguziwe bei. Muuzaji anamwambia akirudishe abadilishiwe, kama masharti ya duka yanavyosema. Mteja ananyamaza. Tarehe 2 Juni linakuja dai kwamba hakupokea kitu. Amechelewa, lakini yumo ndani ya muda, maana Visa inampa mwenye kadi siku 120 kuanzia siku aliyotarajia kupokea mzigo.

Kabla ya kujibu, muuzaji mwadilifu hujiuliza kama mteja anaweza kuwa anasema kweli. Dereva huweza kuandika kwamba amefikisha mzigo kabla hajaushusha garini. Kifurushi huweza kuachwa mlangoni kikachukuliwa na mpita njia, au kikapokelewa na mlinzi wa jengo ambaye hakumwambia mtu. Ujumbe mmoja wa adabu kwa mteja, wenye tarehe, anwani na picha ya mlangoni kama ipo, unatosha kumpa nafasi ya kukumbuka. Katika mfano wetu hakuna shaka, kwa sababu mtu hawezi kulalamikia rangi ya mkanda ambao hajauona.

Sasa tuutazame ushahidi wenyewe, tukianza na ufuatiliaji wa mzigo. Kosa la kwanza la wauzaji ni kupiga picha ukurasa wa ufuatiliaji ulioandikwa "Delivered, Minneapolis, MN" na kuishia hapo. Ukurasa huo unasema mzigo ulifika mjini. Hausemi ulifika mtaa gani, nyumba gani wala kwa nani. Kinachotakiwa ni hati ya uthibitisho wa kufikisha mzigo, ambayo muuzaji huiomba kwa kampuni ya usafirishaji akiwa ndiye mtumaji. Hiyo huwa na mambo ambayo ukurasa wa wazi hauonyeshi, kama anwani kamili, saa, jina la aliyepokea, na sahihi au picha. Iombe siku ileile dai linapoingia, kwa sababu inaweza kuchukua siku kadhaa kufika na saa ya kujibu imeshaanza kukimbia.

Aliyetuma kwa posta ya kimataifa asome pia hatua za mzigo wake kwa makini. Namba ya ufuatiliaji huko ina herufi na tarakimu 13, ikiishia na herufi mbili za nchi ulikotoka, KE kwa Kenya au TZ kwa Tanzania. Posta za dunia hutumia alama za pamoja kwa kila hatua ya mzigo: EMH maana yake walijaribu kuufikisha wakashindwa, na EMI maana yake umefikishwa. Rekodi inayoishia EMH haimtetei muuzaji hata kidogo. Huenda mzigo umerudi posta na unasubiri kuchukuliwa, na hapo mteja ana haki ya kulalamika.

Hati ikishapatikana, weka anwani tatu pamoja: ile aliyoijaza mteja kwenye oda, ile iliyo kwenye lebo ya kifurushi, na ile iliyo kwenye hati ya kufikisha. Zikilingana, nusu ya kazi imekwisha. Hapa ndipo wauzaji wakarimu hujiponza. Mteja ameshalipa, kisha anaandika kwenye WhatsApp, "Naomba utume kwa dada yangu," naye muuzaji anakubali. Baadaye anwani ya oda na ya mzigo hazilingani, na benki inaona bidhaa iliyopelekwa mahali pengine. Mteja akitaka anwani mpya, futa oda, mrudishie fedha, naye aagize upya kwa anwani hiyo.

Nusu ya pili ni mazungumzo, kwa kuwa hati ya kufikisha inathibitisha mahali na ujumbe unathibitisha mtu. Si kila ujumbe una nguvu. "Nasubiri kwa hamu" uliandikwa kabla ya mzigo kufika, na hauthibitishi lolote. "Asante" peke yake huweza kuwa asante ya jambo jingine. Wenye nguvu ni ule unaotaja kitu ambacho ni mwenye kukishika tu angekijua, na malalamiko kuhusu mkanda ni wa aina hiyo hasa. Wauzaji wengi huuficha ujumbe wa namna hiyo kwa kuogopa kwamba unaonyesha mteja hakuridhika. Uweke mbele, ukiambatana na jibu lako la kumruhusu arudishe bidhaa na masharti ya duka aliyoyakubali wakati wa kununua. Ugomvi halisi ulikuwa rangi, na njia ya kuumaliza alishaonyeshwa.

Mazungumzo hayo yaonekane yote, yakiwa na namba ya simu au baruapepe ileile iliyo kwenye oda, ili benki isijiulize anayeongea ni nani. Usikate picha katikati. Kama mliandikiana kwa Kiswahili, jambo la kawaida kwa wateja wa diaspora, ambatisha tafsiri ya Kiingereza chini ya maneno ya asili. Halafu angalia saa. Katika mfano wetu mzigo ulifikishwa saa nane na dakika 12 mchana wa tarehe 11 huko Minneapolis. Mteja aliandika kesho yake saa kumi na mbili na dakika 40 jioni, lakini Nairobi iko mbele kwa saa nane mwezi Aprili, kwa hiyo simu ya muuzaji inaonyesha saa nane na dakika 40 usiku wa tarehe 13. Msomaji akikuta tarehe mbili tofauti bila maelezo ataanza kushuku picha yenyewe. Sentensi moja inayotaja saa za miji yote miwili inaondoa tatizo.

Barua ya utetezi yenyewe isizidi ukurasa mmoja. Kwa kesi hii, kiini chake kingekuwa hivi: "Mteja aliagiza vyondo vitatu tarehe 3 Aprili na kutoa anwani iliyo katika kiambatisho A. Vilifikishwa kwenye anwani hiyohiyo tarehe 11 Aprili, kama kiambatisho B kinavyoonyesha. Tarehe 12 Aprili, kwa namba ya simu aliyoitoa kwenye oda, mteja alilalamikia rangi ya mkanda wa kimojawapo (kiambatisho C). Alielezwa namna ya kukirudisha na hakukirudisha." Hakuna neno la mwizi wala tapeli, wala maelezo ya ulivyohangaika. Viambatisho viwe na maandishi makubwa yanayosomeka hata vikichapishwa bila rangi. Usitegemee viungo vya tovuti, sauti au video, kwa sababu msomaji wa benki kwa kawaida hatavifungua.

Muda ni mfupi. Kampuni nyingi za malipo humpa muuzaji wiki moja hadi tatu, na kwa kawaida utetezi ukishatumwa hauongezwi kitu. Katika kipindi hicho usimrudishie mteja fedha kwa njia nyingine, kwa sababu benki yake imeshazichukua kwako na utakuwa umelipa mara mbili. Mteja akikiri na kuahidi kufuta dai, mwombe aiarifu benki yake na akupe maandishi, lakini utetezi wako utume hivyohivyo. Ahadi yake haifungi shauri.

Hata mwenye ushahidi mzuri anaweza kushindwa, na benki ya mteja inaweza kuliendeleza dai hata baada ya kusoma jibu lako. Ngazi ya mwisho ni kampuni ya kadi yenyewe kuamua, na anayeshindwa huko hulipa ada inayofikia mamia ya dola. Kwa vyondo vya dola 186 haifai kufika huko. Jibu la kwanza, lililopangwa vizuri, ndilo lenye faida kulipigania.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la biashara hii hujazwa kabla ya ugomvi. Kwa mzigo wa thamani kubwa, lipia huduma ya sahihi. PayPal, kwa mfano, haimlindi muuzaji kwa malipo ya dola 750 au zaidi bila sahihi ya mpokeaji. Na siku mzigo unapofika, mwandikie mteja swali linalohusu bidhaa yenyewe: mkanda unamtosha begani? Kile kikubwa amekitumia kwa kazi gani? Mteja mwema atafurahi kuulizwa, nawe utapata maneno yake mwenyewe yenye tarehe, ambayo hatayakana kwa urahisi mbele ya benki.