Boxer ya Mkolani: tangazo linalomleta mwenye pesa

Matangazo mengi ya pikipiki yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya Nyegezi, Mkolani na Buhongwa yana maneno yale yale: "Boxer kali, haijaguswa, bei poa, njoo inbox." Mwenye tangazo hilo atapata ujumbe mwingi kabla ya jioni, na karibu wote utakuwa na swali moja, "mwisho sh ngapi?" Hao bado wanapita. Mtu aliyekwisha kupanga pesa yake anauliza tofauti: "Kaka, kadi ina jina lako?" Asipojibiwa vizuri, anahamia kwa mwingine.

Tuchukue pikipiki moja ya mfano: Boxer BM150 ya mwaka 2021, imefanya bodaboda, mwenyewe yuko Mkolani na anataka 1,800,000. Kuna mambo manne ya kuamua kabla hajaandika chochote, na kila moja lina gharama yake.

La kwanza ni ukubwa wa injini. Hapa watu wanaandika "150" kwa sababu ndivyo tangi lilivyoandikwa. Kwa kweli injini ya BM150 ni cc 144.8, na TVS HLX 125 ni cc 124.5. Andika jina la modeli kamili, kisha hakikisha halipingani na kilichoko kwenye kadi, maana mnunuzi akikuta kadi inasema 125 na tangazo linasema 150, mazungumzo yameisha. Kwa mtu wa Mkolani ukubwa huo una maana ya moja kwa moja: njia za kupanda milimani ni za mawe, na abiria wawili wakipanda, 125 inadai gia ya chini mapema kuliko 150. Anayekwenda lami tu, toka Buhongwa hadi mjini, hana haja na nguvu hiyo, na anajua atailipia kwenye mafuta.

Mafuta ndiyo sehemu ambayo karibu kila tangazo linadanganya bila kukusudia. "Inanusa tu mafuta" haimsaidii mtu. Pima. Nenda sheli, simamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, siyo ya pembeni, kwa kuwa tangi likilala upande huwezi kurudia kiwango kile kile. Jaza mpaka mstari unaoukumbuka shingoni mwa tangi, andika kilomita. Fanya kazi zako za kawaida mpaka zitimie kama 100, rudi pampu ile ile, jaza tena mpaka mstari ule ule. Ikiwa umekwenda kilomita 108 na zimeingia lita 2.4, pikipiki yako inakwenda kilomita 45 kwa lita. Usipime kwa lita moja: ukikosea kujaza kwa robo kikombe tu, jibu lako linapotoka. Na kama dashibodi ilikufa zamani, jambo la kawaida kwa bodaboda, tumia umbali wa ramani ya simu, useme hivyo kwenye tangazo. Dashibodi iliyokufa ikitajwa ni kasoro ndogo. Ikifichwa, mnunuzi ataanza kujiuliza kilomita zimefichwa ngapi.

Mnunuzi wa bodaboda anaipokea namba hiyo na kuigeuza pesa papo hapo. Kwa hesabu rahisi, tuseme lita ni 3,000 na kazi ya siku ni kilomita 100. Inayokwenda 40 kwa lita inakula 7,500, inayokwenda 50 inakula 6,000. Tofauti ya 1,500 kwa siku, kwa siku 26 za kazi, ni 39,000 kwa mwezi. Ndiyo maana mtu anaweza kukubali 125 yenye bei ya juu kidogo na kuiacha 150 iliyochoka. Bei yenyewe ya lita haina haja ya kuwekwa kwenye tangazo. EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi, kwa hiyo itakuwa imepitwa kabla hujauza.

Kwenye hali ya pikipiki, swali gumu ni lipi utengeneze na lipi uliseme tu. Boxer yetu ina tairi la nyuma linaloelekea kuwa kipara, indiketa moja haiwaki, na juu ya injini kuna kelele ya mlio mkavu asubuhi, ambayo fundi anasema ni cheni ya taimingi. Wauzaji wengi hununua tairi jipya kwa sababu ndilo linaloonekana, na kelele wanaiacha. Mimi naona wamegeuza mambo. Bei ya tairi kila mtu anaijua, kwa hiyo mnunuzi atakata kiasi cha tairi na si zaidi. Kelele ya injini hakuna aijuaye bei yake kwa kusikiliza tu. Mnunuzi akiisikia anawaza pistoni, ringi, bloku kuchongwa, na anakata kwa woga. Badilisha cheni ya taimingi, washa indiketa, acha tairi kama lilivyo, kisha andika: "tairi la nyuma limebaki kidogo, bei imezingatia."

Vilevile usiioshe injini ikang'aa kama sufuria mpya. Mnunuzi mzoefu akiona injini kavu inayong'aa kwenye pikipiki ya bodaboda, anatafuta mahali ulipofuta oili. Afadhali vumbi lake la kawaida lionekane, na kama inavuja kidogo chini ya kifuniko cha klachi, useme. Andika pia kama injini imewahi kufunguliwa. "Haijaguswa" siku hizi haiaminiki. "Imefunguliwa mara moja, ikawekwa ringi, fundi yuko Buhongwa na ukitaka utaongea naye" inaaminika, kwa sababu inaweza kuhakikishwa. Mwite mnunuzi aje asubuhi, injini ikiwa baridi. Wajuzi wakifika huwa wanaanza kwa kugusa bloku. Wakikuta ina joto, wanajua uliiwasha mapema ili isitoe moshi wa bluu mbele yao.

Sasa makaratasi, ambayo ndiyo yanayotenganisha pikipiki mbili zinazofanana kila kitu. Kuna hali tatu, na kila moja ina bei yake.

Kadi ikiwa kwa jina lako, sema hivyo kwenye mstari wa juu kabisa, kabla ya cc. Mnunuzi atajua kwamba mtaandikiana mkataba wa mauziano, mtabeba kadi halisi na namba zenu za TIN, na umiliki utahamishwa TRA. Ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya thamani, yaani 18,000 kwa Boxer yetu, na juu yake kuna ada ya uhamisho na ya kadi mpya. Waulize TRA kiasi cha siku hiyo. Amua mapema nani analipa, uandike. Bei ya 1,800,000 "uhamisho juu ya mnunuzi" na bei ya 1,850,000 "uhamisho juu yangu" ni karibu sawa mfukoni, ila ya pili huwavuta zaidi watu wanaoogopa foleni za ofisini.

Kadi ikiwa kwa jina la mtu aliyekuuzia wewe, hali inabadilika. Una mkataba wa mauziano, lakini kwa TRA wewe si mmiliki. Mtafute huyo wa kwanza kabla ya kutangaza, siyo baada. Akiwa hai na anapokea simu, mtu huyo ana thamani kubwa kuliko tairi jipya. Akiwa amefariki, uhamisho unahitaji msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na hiyo si kazi ya wiki moja. Anayetangaza pikipiki ya namna hii kwa bei ya pikipiki yenye kadi safi atapigiwa simu nyingi, na wapigaji wote watapotea wakishaona kadi.

Ya tatu ni ya mkataba, ile unayorejesha kila siku huku kadi ikishikwa na mwenye chombo au kampuni ya mkopo. Hiyo bado si yako kuuza. Kama deni limebaki dogo, njia iliyo salama ni wote watatu mkutane: mnunuzi alipe salio moja kwa moja kwa anayeshika kadi, itolewe barua ya kumaliza deni, umiliki uhamishwe, ndipo wewe upokee kilichobaki. Weka hivyo wazi kwenye tangazo. Wengine watakimbia, na wenye subira watabaki kwa sababu hawajadanganywa.

Kabla ya kutangaza, ingiza namba ya pikipiki kwenye tms.tpf.go.tz uone kama kuna faini za barabarani zisizolipwa. Mnunuzi ataingiza yeye pia. Tazama na namba ya chesisi iliyogongwa shingoni mwa fremu, chini ya usukani, na namba ya injini ubavuni mwa injini karibu na pedali ya gia. Zote mbili zifanane na kadi herufi kwa herufi. Kutu au rangi iliyopakwa juu ya namba ya chesisi humfanya mnunuzi aondoke bila kusema kitu, kwa hiyo safisha taratibu kwa kitambaa na mafuta ya taa, kamwe usitumie msasa. Kwenye picha ya kadi ziba TIN na sehemu ya chesisi. Mtu makini ataziona akifika.

Tangazo lenyewe basi, likiandikwa kikamilifu, halizidi mistari michache:

"Kadi halisi ipo, jina langu, haina deni wala faini. Bajaj Boxer BM150 (cc 144.8), 2021, namba nyeupe, imefanya bodaboda. Mafuta: nimepima kwa ramani ya simu, kilomita 45 kwa lita, lami na milima, mara nyingi na abiria mmoja. Injini imefunguliwa mara moja (ringi), cheni ya taimingi mpya. Kasoro: tairi la nyuma limebaki kidogo, dashibodi haisomi, inavuja oili kidogo klachi. Ipo Mkolani, kuiona saa 1 hadi 3 asubuhi ikiwa baridi. 1,800,000, mazungumzo kidogo ukishaiona. Uhamisho TRA tunakwenda pamoja, gharama kwa mnunuzi."

Picha nne zinatosha: upande wa kulia, wa kushoto, tairi la nyuma kwa karibu, na pale panapovuja.

Bado kuna njia ya dalali. Atakuwekea cha juu, kwa hiyo 1,800,000 yako itatangazwa 1,950,000, na kila swali la kadi litajibiwa na mtu ambaye hajaiona. Faida yake ni kwamba ana wateja wanaotoka mbali. Lakini tangu Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, mtu wa Sengerema haingojei tena feri, na akija mjini kupitia Usagara anapita Mkolani kabla hajafika kwa dalali yeyote wa mjini. Taja kituo cha daladala kilicho karibu nawe kwenye tangazo, atashuka hapo.

Mnunuzi akiomba umshikie pikipiki kwa pesa kidogo, kubali kwa maandishi: kiasi, siku ya mwisho, na nini kitatokea asipokuja. Pesa yote ikishaingia, usimkabidhi kadi na funguo kwa ahadi kwamba "tutahamisha wiki ijayo". Mpaka TRA wabadilishe jina, faini inayopigwa Usagara inaandikwa kwa mwenye kadi, na polisi wakitafuta mhusika wa ajali wataanza na jina lako.